Kipa wa shule na mpira wa pembeni: kamba, ndoo ya maji na neno moja

Kwenye mechi nyingi za shule hapa Mbeya naona goli la aina ileile. Winga anafika pembeni mwa boksi, anapiga shuti la kawaida tu, mpira unapenya kati ya kipa na nguzo ya karibu. Benchi zima linapiga kelele kwamba kipa mzito. Ukiangalia vizuri, mtoto wa watu alisimama pasipo pake hata kabla mpira haujapigwa.

Kosa lenyewe ni hili. Akiambiwa "ziba engo", kipa anasimama kwenye mstari unaotoka kwenye mpira kwenda katikati ya goli. Kwa mpira ulio mbele ya goli, hapo ni sawa. Kwa mpira wa pembeni, sivyo. Tuseme mpira uko mita 11 kutoka mstari wa goli, na mita 11 kando ya usawa wa katikati ya goli. Kutoka hapo nguzo ya karibu iko mita 13 hivi, ya mbali mita 18 na kitu. Ili nafasi ya kulia na ya kushoto zilingane, kipa asogee upande wa nguzo ya karibu. Akiwa kwenye mstari wa goli, ni kama sentimita 60: hatua moja fupi.

Hesabu hiyo mwalimu abaki nayo. Kipa mpe kamba. Mimi natumia ya katani, mita 40. Funga ncha zake chini ya nguzo mbili, ivute hadi ulipo mpira, ikanyage ikiwa bado imelegea. Mwambie kipa asimame anapoona panafaa, halafu ndipo uikaze. Ahesabu hatua kutoka alipo hadi kamba ya kulia, kisha ya kushoto. Zikipishana, anasogea mwenyewe bila wewe kusema neno. Hamisha mpira sehemu tatu, dakika kumi zinatosha.

Kamba hiyohiyo inaonyesha faida ya kutoka mbele. Mpira ukiwa kwenye alama ya penati, kipa aliye mstarini ana mita 3.66 kila upande. Akitoka mita 3, zinabaki kama 2.7. Ila goli lina urefu wa mita 2.44, na kipa wako pengine hajafika hata 1.60. Winga akiwa ameinua kichwa na mpira uko mguuni, kipa asivuke mstari wa boksi dogo, maana atapigiwa juu. Atoke zaidi pale tu mpira unapomtoka winga mguuni.

Akishasimama vizuri, mashuti mengi yatamjia mwilini, na hapo ndipo mikono inapojaribiwa. Kuanzia Desemba hadi Aprili mpira wetu huwa umelowa, kwa hiyo fundisha kwa mpira uliolowa. Weka ndoo ya maji, chovya mpira, mrushie kwa mkono ukiwa mita 6, usawa wa kifua. Vidole vimepanuka, gumba mbili nyuma ya mpira zikikaribia kugusana, viwiko mbele ya mwili, kisha mpira unavutwa kifuani. Tumia masikio: ukisikia "pa!" kali, ameupokea kwa viganja, na huo atautema siku ya mechi. Kwa mpira wa chini, goti moja lishuke nyuma ya mikono ili ukiteleza ugonge mguu. Ule ambao hawezi kuudaka aupangue pembeni, kamwe asiurudishe katikati.

Winga naye hapigi shuti kila mara. Mara nyingine ni krosi, na krosi inataka mdomo. Nimeachana na "yangu!" kwa sababu hata beki huisema. Tunatumia "Kipa!" anapokuja kudaka na "Ondoa!" anapobaki golini. Mazoezi: mabeki wawili na mshambuliaji mmoja mbele ya goli, mwalimu pembeni anarusha mpira kwa mikono, maana krosi za miguu ya watoto zitakumalizia muda kwa kukimbiza mipira. Neno litoke kabla mpira haujafika kilele chake. Akidaka kimyakimya, hesabu ni goli. Wananuna sana kwa sheria hii, lakini usiilegeze.

Kubaya kuliko kunyamaza ni kuita "Kipa!" halafu ukabaki mstarini: beki ameshaacha, mshambuliaji anapiga kichwa peke yake. Kwa hiyo akishaita, lazima aje, hata kama ataambulia kuupiga ngumi. Ili kujua kama sauti inafika, tazama shingo za mabeki. Beki anayegeuka kumtafuta kipa hajasikia, au amesikia na hamwamini. Kama hajasikia, rudia zoezi ukiwa umewapanga wanafunzi wenzake nyuma ya goli wapige kelele, kama watakavyofanya siku ya UMISSETA. Kama hamwamini, rudi kwenye ndoo.