Kwa nini nimeacha kuandika "bila ada" katika matangazo ya kutuma pesa nyumbani

Kampuni ya kutuma pesa inaponiomba niwaandikie tangazo Waswahili walioko Uingereza, karibu kila mara huja na maneno mawili tayari: "bila ada". Mimi huyafuta. Msomaji wangu ametuma pesa Kenya kwa miaka mingi, na anajua kwamba kampuni isiyotoza ada hupata faida yake kwenye kiwango cha kubadilishia fedha.

Tuchukue mfano wa pauni 200, katika siku ambayo pauni moja sokoni ni shilingi 170 za Kenya. Kampuni ya kwanza haitozi ada, lakini inabadilisha kwa 165, kwa hiyo M-Pesa ya mama inaingia shilingi 33,000. Ya pili inakata ada ya pauni 2, kisha inabadilisha pauni 198 zilizobaki kwa 169, na mama anapokea 33,462. Iliyotangaza "bila ada" ndiyo iliyomgharimu zaidi, na siku mtumaji atakapolinganisha mwenyewe, hataamini tena hata maneno ya kweli ya kampuni hiyo.

Ndiyo maana sentensi yangu ya kwanza huanzia upande wa mpokeaji: "Ukilipa pauni 200 sasa hivi, shilingi 33,462 zitaingia kwenye M-Pesa ya mama, ada yetu ya pauni 2 imeshakatwa humo." Chini yake naeleza kiwango hicho kitadumu kwa muda gani, kwa sababu anayesoma tangazo akiwa kwenye basi na kulipa jioni akakuta tarakimu nyingine ataona amehadaiwa, hata kama ni soko tu lililobadilika. Kampuni ikikataa kuonyesha kiwango kabla mteja hajajisajili, tangazo hilo siliandiki.

Neno "zitaingia" nimelichagua kwa makusudi. Rasimu yangu ya zamani ilisema "mama atapata", nayo ilizua malalamiko, kwa kuwa mama alikwenda kwa wakala, akakatwa ada ya kutoa pesa, akampigia mwanawe simu kusema zimepungua. Mtumaji aliilaumu kampuni, na kwa maneno niliyokuwa nimeandika alikuwa na haki. Nyumbani kwetu mtu humtumia mwenzake pesa "pamoja na ya kutolea", kwa hiyo siku hizi naongeza mstari huu: "Wakala atakata ada ya kutoa, bonyeza hapa ukitaka kuongeza ya kutolea."

Kuhusu muda, siandiki "papo hapo" peke yake. Malipo mengine husimamishwa ili kitambulisho cha mtumaji kihakikiwe, na anayengoja pesa huenda amesimama kwenye dirisha la hospitali. Naandika: "Pesa nyingi hufika ndani ya dakika chache. Zako zikisimamishwa, tutakutumia ujumbe wenye sababu na hati tunayohitaji, na ukighairi kabla hazijalipwa, tutakurudishia." Kabla ya kuchapisha sentensi hiyo, humuuliza mkuu wa huduma kwa wateja kama ujumbe huo hutumwa kweli, na kama hautumwi, naiondoa hadi utakapoanza kutumwa.