Je, wajua kwa nini ukiokoa kanzu, sura inageuka majivu?

Swali: "Kanzu imeungua kabisa kwenye picha, nikishusha Highlights mikunjo inarudi ila sura za watu zinakuwa za kijivu kama zimepakwa vumbi, shida nini?"

Shida ni kwamba ile slaida ya Highlights, inayopunguza sehemu zenye mwanga mkali, haijui kitambaa ni kipi na ngozi ni ipi, yenyewe inaangalia mwanga tu. Na sura ya mtu, hasa ngozi yetu nyeusi, inapendeza kwa vile vimeremeto vya paji la uso, pua na mashavu, ndivyo vinavyoipa umbo. Sasa ukishusha Highlights ya picha nzima unavizima na vyenyewe, sura inakuwa bapa, halafu unaona giza unapandisha Shadows, hapo ndo tope linaingia kabisa.

Chukua picha ya nikahi niliyopiga uani saa tisa alasiri, bwana harusi kanzu nyeupe yenye darizi shingoni, jua linampiga bega la kulia. Kwenye Lightroom Classic, programu ninayohariria picha, nikabonyeza J, bega likawaka jekundu, maana yake hapo mwanga umegonga dari. Highlights ya picha nzima sikuigusa. Eksposha niliiweka kwa kuangalia sura peke yake, ikakaa vizuri nikaiacha, kanzu ing'ae tu kwanza. Kisha nikafungua Masking, ya kuhariri sehemu moja tu ya picha, nikachagua People, nikamchagua bwana harusi, nikatia tiki kwenye Clothes peke yake. Ndani ya hiyo maski ndo nikashusha Highlights hadi -55 na Exposure -0.30, nikaongeza Texture +15, nyuzi za darizi zikaanza kuonekana moja moja.

Angalia sana kidevu na viganja, maski huwa inavuja hapo na utaona kivuli cha ajabu pembeni ya shingo, futa kwa Subtract na brashi laini. Kitu kingine watu wanashusha mpaka kanzu yenyewe inakuwa kama haijafuliwa. Mimi napeleka mshale kwenye kitambaa nasoma namba za R G B chini ya histogramu, sehemu ya juani ikiwa kwenye 92 hadi 96 asilimia bado ni nyeupe na mikunjo ipo, ikishuka kwenye 80 jicho linaona kijivu.

Haya yote yanategemea umepiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, kwa sababu inabaki na mwanga wa ziada ambao JPEG imeshautupa. Na hata RAW ina mwisho wake jamani, kama chaneli zote tatu za R G B zimejaa pale begani hakuna mkunjo wa kurudisha, ukilazimisha unapata doa la kijivu lisilo na uzi hata mmoja, afadhali uliache jeupe. Ndo maana juani napunguza eksposha kidogo kwenye kamera, theluthi mbili ya stopu hivi, sura nitaipandisha baadaye kwa maski yake.