Renda inayotunza uwiano wa mchoro: maana yake

Chukua mbunifu aliyechora jagi la maji kwa penseli. Anataka mteja alione kama limeshatengenezwa na kupigwa picha mezani, plastiki inang'aa na kivuli kinalala pembeni. Picha ya namna hiyo, ambayo kompyuta huitoa kutokana na umbo la vipimo vitatu, ndiyo huitwa renda. Kutunza uwiano ni kuhakikisha kwamba kama kimo cha jagi kwenye karatasi ni mara mbili ya upana wake, kwenye renda kinabaki mara mbili vilevile.

Uwiano huharibika mapema kuliko wengi wanavyodhani: pale mchoro unapopigwa picha kwa simu. Ukiinamisha simu kidogo tu, mchoro unafupika. Dawa yake ni rahisi, nami siiachi hata siku moja: chora mraba wa sentimita 5 kando ya mchoro kabla ya kupiga picha. Kisha upime huo mraba kwenye kompyuta. Ukikuta upana ni pikseli 500 na kimo ni 470, picha imefupika kwa asilimia 6, na jagi la sentimita 24 litatoka likiwa na sentimita 22.6 hivi. Nyoosha picha kwanza, au tumia skana.

Sasa ingiza picha kwenye Blender, programu ya kuunda maumbo ya vipimo vitatu, kupitia `Add > Image > Reference`, ukiwa umesimama kwenye mwonekano wa mbele. Tafuta kipimo kimoja unachokijua kwa hakika, hapa kimo cha sentimita 24, kisha ukuze picha yote kwa pamoja mpaka kimo hicho kitimie. Usivute upande mmoja peke yake.

Jagi ni la duara, kwa hiyo unafuata mstari wa ubavu mmoja tu, halafu zana ya `Screw` inauzungusha kwenye mhimili. Hapa pana mtego. Mkono wa binadamu hauchori pande mbili zikalingana, na mhimili ukikosea kwa milimita 3, kipenyo kinabadilika kwa milimita 6. Basi pima upana mzima wa mchoro kwenye mdomo, tumboni na kitakoni, kila mara ugawe kwa mbili.

Kamera nayo hudanganya. Lenzi ya milimita 24 ikisogezwa karibu hufanya mdomo uonekane mpana kuliko ulivyo. Kwa jagi mimi huanza na 85 na kurudi nyuma. Kabla ya hapo, weka kamera kwenye `Orthographic`, hali ambayo umbali haubadilishi ukubwa wa kitu, ielekeze mbele kabisa, utoe renda ya majaribio, kisha uilaze juu ya mchoro ikiwa nusu wazi. Panapoonekana mistari miwili badala ya mmoja, rudi ukarekebishe umbo. Mara nyingi ni pale mkono wa jagi unapoungana na tumbo.