"Amejifukuza mwenyewe": hicho kifungu kwenye katiba ya chama maana yake nini hasa

Ukichukua katiba kumi za vyama vya kufa na kuzikana hapa Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga, nyingi utakuta zina sentensi moja inayofanana utadhani zimetoka tumbo moja. Na kweli zimetoka tumbo moja manake watu wanaenda steshenari wanatoa kopi ya katiba ya chama kingine, wanafuta jina wanaweka lao, basi. Mi nishakutana na chama cha akina mama wa mjini ambacho kwenye kifungu cha sifa za mwanachama bado kilikuwa kimeandikwa "awe mkulima wa maharage".

Sentensi yenyewe ni hii: "Mwanachama asiyehudhuria vikao vitatu bila taarifa atakuwa amejifukuza uanachama." Inasomeka vizuri, ni fupi, kila mtu anaitikia. Shida inaanza siku ya kuitumia.

Nitoe kisa nilichokiona mwenyewe, jina la chama naliacha. Chama kina watu 45, kikao kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, mwanachama akifiwa wenzake 44 kila mmoja anatoa elfu kumi, kwa hiyo mfiwa anapata laki nne na elfu arobaini. Kuna mama mmoja anauza dagaa, ananunua pale mwalo wa Kibirizi anaanika anasafirisha, na kazi ya dagaa mnaijua haina Jumapili. Daftari la mahudhurio linaonyesha hakuwepo Machi, akaja miezi miwili, hakuwepo Juni, akaja tena, hakuwepo Septemba. Oktoba akaja akalipa ada na mweka hazina akapokea na risiti akamwandikia. Novemba akafiwa na baba yake. Anapiga simu kutoa taarifa ya msiba anaambiwa pole sana mama, ila wewe ulishajifukuza tangu Septemba.

Sasa shika hiyo sentensi uiulize maswali. Vikao vitatu vya mfululizo au vitatu hata kama vimeachana? Katiba haisemi. Vitatu ndani ya mwaka mmoja au tangu uzaliwe kwenye chama? Haisemi. "Bila taarifa", taarifa kwa nani? Yule mama anasema Juni alimtumia katibu sauti kwenye watsapu, katibu anasema alibadilisha simu hakuiona, na wote wawili inawezekana wanasema kweli. Afu swali kubwa kuliko yote, ni nani alitangaza kwamba amejifukuza, na siku gani? Hakuna kikao kilichokaa na barua haikuandikwa, na Oktoba hela yake imepokelewa. Huwezi kupokea ada ya mtu ambaye unasema sio mwenzako, ile risiti peke yake ilitosha kuonyesha kwamba hata viongozi wenyewe walikuwa bado wanamhesabu.

Mwisho wa siku wakampa laki mbili "ya ubinadamu". Mi hiyo sikuipenda, kama ni mwanachama alistahili zote na kama sio mwanachama hakustahili hata senti ya chama. Wenyewe nao waliona aibu ndo maana wakatuita watu wawili watatu tuwasaidie kuandika upya.

Kitu cha kwanza kutenganisha ni KUKOMA na KUFUKUZWA, hapa ndo watu wanachanganya. Kukoma ni pale uanachama unaisha wenyewe bila mtu yeyote kuamua kitu, na mifano yake ya halali ni miwili tu ninayoikubali: kifo, na mtu kujiuzulu kwa maandishi. Hapo hakuna cha kubishania. Kufukuzwa ni chama kimeamua kumtoa mtu, na ukishasema "kuamua" tayari kuna anayetuhumu na anayetuhumiwa, na mtuhumiwa lazima asikilizwe. Sio hisani hiyo, Katiba ya nchi ya 1977 ibara ya 13(6)(a) inasema pale haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, anapewa nafasi ya kusikilizwa kikamilifu na haki ya kukata rufaa. Sasa neno "amejifukuza" ni ujanja wa kufukuza huku ukijifanya ni kukoma. Yani chama kinaruka kikao, kinaruka utetezi, kinaruka rufaa, afu lawama inabaki kwa mtu mwenyewe.

Ada nayo ni hivo hivo. "Asiyelipa miezi mitatu uanachama wake umekufa." Haya, mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, uvuvi ukasimama miezi mitatu. Kwa kifungu hicho chama cha watu wa mwaloni kingeweza kuamka Agosti kimejikuta hakina mwanachama hata mmoja, mwenyekiti mwenyewe akiwemo. Kwa hiyo tuliandika kwamba deni la miezi mitatu halimtoi mtu, linamfanya katibu aandike barua ya kumkumbusha, anapewa siku 30 za kulipa au kuomba kulipa kidogo kidogo, na asipojibu kabisa ndo shauri linaenda kamati. Na kamati inaruhusiwa kusogeza muda kwa wote kukiwa na sababu inayowagusa wote.

Mahudhurio yakaandikwa hivi: "Kukosa vikao vitatu vya kawaida mfululizo bila kumtaarifu katibu kwa simu, ujumbe au kupitia mwanachama mwenzake kabla ya kikao kuanza ni kosa la nidhamu. Katibu ataandika taarifa hiyo kwenye daftari siku hiyo hiyo." Ona neno mfululizo limemaliza ugomvi mmoja, na daftari limemaliza mwingine, manake kesho hatubishani nani alituma sauti nani hakuisikia, tunafungua ukurasa. Na kumbuka tumeliita kosa tu, kosa linaweza kuishia kwenye onyo au faini.

Utaratibu wenyewe wa kufukuza ulikuwa rahisi kuliko walivyotegemea. Tuhuma inaandikwa ikisema alifanya nini, tarehe gani, kavunja kifungu namba ngapi, sio "utovu wa nidhamu" hewani. Anakabidhiwa mkononi anasaini, akikataa kusaini wanachama wawili wanashuhudia kwamba kapewa. Ana siku 14 za kujibu na zinahesabiwa kuanzia kesho yake ya siku aliyopokea, hili linaonekana dogo ila barua ya tarehe moja ikimfikia mtu tarehe kumi, siku 14 za katibu na siku 14 za mtuhumiwa sio zile zile. Anakuja mbele ya kamati na anaweza kuja na mwanachama mwenzake wa kumsemea. Kamati ina watu saba, akidi watano, na aliyepeleka lalamiko au mwenye undugu na upande wowote anatoka nje, hata awe mwenyekiti, makamu anashika kiti. Uamuzi unatoka kwa maandishi na sababu zake ndani ya siku saba.

Sasa kura, hapa nitakaa kidogo. Katiba ya zamani ilisema mtu atafukuzwa "kwa theluthi mbili ya wanachama". Wanachama wapi? Wakiwa 45 wote walioandikwa, theluthi mbili ni 30. Lakini kama ni ya waliohudhuria, na akidi ni nusu yani 23, theluthi mbili yake ni 15 na ushee, unapandisha inakuwa 16. Kutoka 30 mpaka 16, sentensi ile ile! Watu 16 wakipanga vizuri Jumapili ya mvua wanakutoa na katiba iko upande wao. Na kuna wengine wanaandika "wanachama hai" bila kusema aliye hai ni nani, hapo hata hiyo 45 huna uhakika nayo. Sisi tukaweka kwamba mwanachama ni yule ambaye jina lake limo kwenye daftari la wanachama, linaingizwa siku akikubaliwa na kulipa kiingilio na halikatwi mpaka rufaa iishe.

Rufaa inaenda mkutano mkuu, ndo maana hatukutaka mkutano mkuu ndo ufukuze, ukifukuza wenyewe utakata rufaa kwa nani. Siku ya rufaa wanakamati walioamua wanaeleza sababu zao ila hawapigi kura, na mkata rufaa naye hapigi. Tuchukue mfano, wamekuja watu 31, akidi imetimia manake inahesabu wote walio ndani. Toa wanakamati watano waliokaa kwenye shauri, toa mwenyewe, wanabaki 25. Kura ni ya siri, na ili kufukuzwa kuthibitishwe zinatakiwa theluthi mbili ya kura halali. Zote 25 zikiwa halali hiyo ni 16 na ushee, kwa hiyo 17. Zikipatikana 16 anabaki kuwa mwanachama, na hilo tuliandika wazi kabisa "isipofikia idadi hiyo uamuzi wa kamati umefutwa", manake bila hivo kuna mtu angesema kura hazikutosha kwa hiyo uamuzi wa kamati unaendelea.

Pesa sitazisemea sana, akiba yake ni yake anarudishiwa ndani ya siku 60 baada ya kukata deni, kiingilio hakirudi, na michango aliyotoa kwenye misiba ya wenzake hairudi, ile ilishazika watu.

Rasimu ilisomwa kwa sauti kikaoni, kifungu kwa kifungu, nashauri msiipitishe kwenye grupu kwa watu kuweka dole gumba. Kufika mwisho mzee mmoja alikuwa amekaa karibu na mlango akanyoosha mkono, akasema wanangu nimewasikia, sasa kamati imenifukuza leo, rufaa yangu ni mwezi ujao, katikati hapo mke wangu kafa, mnanizikia au hamnizikii? Kimya. Sisi tulioandika tukaangaliana, hatukuwa tumeiweka.

Mabishano yalichukua kama nusu saa, wengine wakitaka hela ishikwe mpaka rufaa iamuliwe. Yule mama wa dagaa alikuwepo, hakusema kitu. Mwisho wakakubaliana iongezwe: "Mwanachama ambaye muda wake wa kukata rufaa haujaisha au rufaa yake haijaamuliwa ataendelea kulipa michango yote, na akifiwa atapewa stahili yake yote ndani ya muda wa kawaida. Rufaa ikishindwa, stahili hiyo haitadaiwa."