"Awe Muha, asiwe na mume"

Juzi nimelikuta tena tangazo la aina hii, limebandikwa kwenye nguzo ya umeme hapa Kigoma mjini: "Anahitajika dada wa kuuza duka la vifaa vya ujenzi. Umri 18–25, asiwe na mume wala mtoto, awe Muha." Nikaingia kumwona mwenye duka. Akanijibu yale yale ninayojibiwa kila siku: "Kaka, mimi sijaajiri mtu bado. Nitambaguaje mtu nisiyemjua?"

Jamani. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kazini, na kinataja kabila, umri, hali ya ndoa na majukumu ya familia. Kinasema pia kwamba mwombaji kazi anahesabiwa kama mwajiriwa, na kwamba matangazo na vigezo vya kuchuja watu vimo ndani ya katazo. Basi hapo hakuna mjadala.

Mjadala upo kwenye kichaka wanachokimbilia wote: "Kazi yenyewe ndiyo inataka hivyo." Ni kweli, sheria inaruhusu kigezo ambacho kazi haiwezekani bila hicho. Nikamwuliza, Muha wa nini? Wateja wake wengi wanatoka vijijini Kasulu na Buhigwe, wazee wanaongea Kiha. Sawa, kumbe unataka Kiha, hutaki Muha! Binti wa Kisukuma aliyekulia Kasulu anakiongea vizuri kuliko Muha aliyezaliwa Temeke. Andika "ajue Kiha". Na huo ujana? Kubeba saruji. Andika "aweze kunyanyua mfuko wa kilo 50", kisha mjaribishe. Nina hakika wapo wa miaka 24 watakaoushindwa. Kutokuwa na mume? Hapo alinyamaza kidogo, akasema wenye watoto huomba ruhusa sana. Hicho si kigezo cha kazi, ni hofu yake, na ukaunta haina habari na mume wa mtu.

Kwa mwombaji: piga picha tangazo kabla halijabanduliwa, maana ukishaonyesha dalili za ubaguzi, mzigo wa kujitetea unahamia kwa mwajiri. Fomu Namba 1 ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipelekwe ndani ya siku 60. Ukichelewa utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na hiyo ni safari nyingine.

Mawili yananisumbua. La kwanza, matangazo ya ajira serikalini huandika "umri usiozidi miaka 45", na wenye maduka hunirushia hilo usoni. Sina jibu linaloniridhisha hata mimi. La pili ni baya zaidi. Yule bwana alilibadilisha tangazo, likawa safi kabisa. Nilipopita baada ya siku kadhaa, kwenye kiti cha kaunta alikuwa ameketi binti mdogo, akimpigia hesabu mteja kwa Kiha. Pengine alikuwa bora kuliko wote. Tangazo la kwanza lingeniambia. La pili, nililomwandikia mwenyewe, haliniambii kitu.