Kope lililoshuka: kwa nini jicho la mtoto halingoji

Swali: Mtoto wangu ana miaka 2. Tangu azaliwe, kope la jicho lake la kushoto limeshuka, lakini halimuumi, na jirani zetu hapa Kadutu wanasema litafunguka akikua. Ningoje?

Jibu: Usingoje, mama. Kwa kawaida kope la namna hiyo hushuka kwa sababu msuli unaoliinua haukuumbika vizuri, na umri hauutengenezi. Kwa kuwa msuli huo haulegei sawasawa pia, mtoto akitazama chini utaona kope hilo likibaki juu kidogo kuliko la pili.

Ninachohofia zaidi si sura yake. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona kwa kupokea picha safi kutoka kila jicho, hasa katika miaka ya kwanza, na uwezo huo hupungua sana kufikia miaka 7 au 8. Kope likiziba mboni, ubongo huzoea kutegemea jicho moja, na lile lililozibwa huwa jicho vivu, yaani zima kwa umbile lakini lisiloona vizuri hata likifunguliwa baadaye. Hata kope lisilofika kwenye mboni linaweza kuikandamiza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, na kuharibu mviringo wake, ndiyo maana lililoshuka kidogo nalo lipimwe.

Mzibe jicho la kulia kwa kiganja, kisha la kushoto. Akilia na kuusukuma mkono wako kwa jicho la kulia tu, huenda la kushoto halioni vizuri. Hata akitulia pande zote mbili, mpeleke kwa daktari wa macho.

Swali: Huko watamfanyia nini?

Jibu: Daktari humulika jicho na kupima umbali kutoka nuru inayong'aa katikati ya mboni hadi ukingo wa kope, ambao kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Tuseme kwa mtoto wako ni sifuri: kope limekata mboni katikati. Kisha hutazama kope linapanda kiasi gani macho yakitoka chini kwenda juu. Likipanda milimita 3 tu, msuli ni dhaifu mno kukazwa, kwa hiyo upasuaji huliunganisha kope na msuli wa paji la uso. Baadaye huenda jicho lisifumbe kabisa usingizini, na litahitaji dawa ya kulainisha lisikauke.

Upasuaji hufungua njia ya nuru tu. Jicho likiwa limeshakuwa vivu, atahitaji pia miwani ikibidi, na kuzibwa jicho zuri kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi. Wazazi wengi huacha hapo, na ni hasara kubwa.

Swali: Baba yangu naye kope lake limeshuka jana ghafla. Ni jambo lile lile?

Jibu: Hapana. Kwa mtu mzima kope hulegea polepole kwa uzee, na jicho lake haliwi vivu. Lakini likishuka ghafla, naye anaona vitu viwili viwili, ana maumivu makali ya kichwa au mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyingine, huenda mshipa wa damu uliovimba kichwani unabana neva ya jicho. Mpeleke hospitali leo hii, hata kama ni usiku.