Laki nne za kwenye barua si laki nne

Wiki hii nimetumiwa tena picha mbili za barua za ajira kwenye WhatsApp, na chini yake ujumbe uleule: "Kaka, hii ya pili inazidi kwa laki nne, si niichukue tu? Marupurupu si hela." Nafanya kazi ya mishahara hapa Dar, huu ujumbe naujua kama nauli ya Mwenge. Leo nimjibu mhusika hadharani, kwa ruhusa yake, jina nimeliacha.

Ni mhasibu, anakaa Tegeta, ana watoto wawili. Ofisi ya kwanza iko Mwenge: mshahara wa msingi 1,800,000, bima ya afya yake na watoto, chakula cha mchana kazini. Ya pili ni kiwanda Vingunguti: 2,200,000, bima yake peke yake, chakula ajitegemee. Na bado anadaiwa mkopo wa chuo na Bodi ya Mikopo. Hilo la Bodi alinitajia mwishoni kabisa, kama vile halihusiki.

Linahusika kuliko yote. Mwenge: toa mchango wa pensheni wa NSSF asilimia 10, yaani 180,000, inabaki 1,620,000. Juu ya hiyo kodi ya mshahara, PAYE, ni 128,000 ya milioni ya kwanza, na asilimia 30 ya kinachozidi milioni, jumla 314,000. Bodi wanachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 270,000. Mkononi inaingia 1,036,000. Vingunguti, kwa hesabu ileile, inaingia 1,228,000. Tofauti ni 192,000. Laki nne za kwenye barua zimefika nyumbani zikiwa chini ya nusu.

Hapa ndipo watu wanapokasirika na kuniuliza serikali inataka nini. Mimi nataka wakumbuke jambo moja tu: ukishavuka milioni moja baada ya NSSF, kila shilingi 100 unayoongezewa, unashika 63. Ukiwa na deni la Bodi, unashika 48. Asilimia unayoiona kwenye salari slipu yako nzima ni wastani, na wastani hauna kazi unapolinganisha ofa mbili. Kinachokuhusu ni ile nyongeza, na nyongeza inakatwa kwa kiwango cha juu kabisa unachokatwa.

Kabla hujaniuliza: hapana, kuiita nyongeza "posho ya usafiri" hakuiokoi na kodi. Kuna posho za watumishi wa umma ambazo sheria imezisamehe kodi, na habari hiyo imesambaa mpaka kila mtu anadhani posho haikatwi. Kwa kampuni binafsi, posho ya fedha taslimu ni mapato ya ajira na inakatwa PAYE kama mshahara. Kuigawa kwenye msingi na posho kunapunguza makato ya Bodi, ni kweli, lakini kiinua mgongo ukiachishwa kazi hupigwa kwa mshahara wa msingi, siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Mwajiri anayekugawia nusu kwa nusu anajua anachofanya.

Sasa hayo marupurupu ambayo "si hela". Sheria ya kodi ya mapato inasamehe bima ya matibabu anayolipa mwajiri kwa mfanyakazi, mwenza na watoto hadi wanne, ilimradi ipatikane kwa wafanyakazi wote bila ubaguzi. Chakula cha kantini ya kazini nacho kimesamehewa kwa sharti hilohilo. Kwa hiyo bima ya Mwenge inakufikia nzima. Ukiambiwa ujinunulie mwenyewe, unainunua kwa zile shilingi 48.

Huyu dada mhasibu alikwenda kuulizia bima ya watoto wawili, akapewa bei ya milioni moja na nusu kwa mwaka, sawa na 125,000 kwa mwezi. Ili abakiwe na 125,000 mkononi, Vingunguti wanatakiwa kumwandikia kama 260,000 kwenye mkataba. Chakula kwa mama ntilie, 3,000 kwa siku 22, ni 66,000, na hiyo inahitaji 137,500 ya mshahara ghafi. Jumlisha hivyo viwili: 397,500 na kidogo. Yaani laki nne yake imeishia kwenye sahani ya wali na kadi ya bima, na daladala bado hajapanda.

Nauli inayozidi ni kama 2,000 kwa siku, 44,000 kwa mwezi. Ukipiga yote, Vingunguti inamwacha na upungufu wa 43,000 kila mwezi. Ili atoke sare, barua ilipaswa kusoma 2,290,000.

Na kadi ya bima yenyewe isomwe. Uliza kikomo cha matibabu ya kutolazwa, uliza hospitali zilizomo, uliza kama ugonjwa uliokuwepo kabla unashughulikiwa. Bima ya mtu mmoja mmoja mara nyingi ina miezi ya kusubiri, hasa kwa uzazi, wakati ya kundi la kazini mara nyingi inaanza bila kusubiri huko. Mtoto wake wa pili ana pumu. Kwake yeye hilo swali la mwisho lingeweza kumaliza mjadala.

Tuje kwenye njia, ambako nakiri sina uhakika. Tegeta hadi Mwenge asubuhi ni dakika 45 mambo yakienda vizuri. Vingunguti ni Mwenge, kisha Ubungo, kisha Barabara ya Mandela ukifuatana na malori ya bandarini hadi Buguruni na TAZARA, saa moja na dakika 45. Kwenda na kurudi anaongeza saa mbili kwa siku, saa 44 kwa mwezi. Sheria ya kazi inaweka wiki kuwa saa 45. Kwa maana nyingine anafanya wiki ya tano kila mwezi, amesimama, mkono juu ya bomba.

Wataalamu wanasema zidisha saa hizo kwa mshahara wako wa saa. Mimi nasita, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kuzinunua saa hizo. Nilimuuliza swali jingine: nani anawachukua watoto shule ukichelewa? Akasema itabidi aweke dada wa kazi hadi jioni. Hiyo ndiyo bei halisi ya foleni, na sikuiweka kwenye hesabu ya juu.

Nisimpunje mwenye kiwanda. NSSF yake inazidi kwa 80,000 kwa mwezi, nusu yake ikitoka kwa mwajiri, na hiyo ni hela yake, ingawa ya mbali. Mwajiri anayefuata ataangalia mshahara wa sasa, na 2.2 ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Deni la Bodi nalo lingeisha mapema. Zamani hilo lilikuwa na uzito sana, maana kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kutunza thamani ya mkopo. Ilifutwa 2021, kwa hiyo leo kulipa haraka hakupunguzi jumla utakayolipa hata shilingi.

Nilichomshauri ni asiombe nyongeza ya mshahara. Aombe watoto waingizwe kwenye bima ya kiwanda. Mwajiri akimwongezea 260,000 analipa na NSSF juu yake, 26,000. Akiwaingiza watoto kwenye bima ya kundi analipa bei ya kadi tu, na kundi hupata bei nafuu kuliko mama aliyekwenda dirishani peke yake. Kiwanda kimekubali, baada ya majaribio ya miezi mitatu. Nimemwambia arudi na hilo likiwa limeandikwa ndani ya mkataba, pamoja na jibu la nani anamlipia yule mwenye pumu katika hiyo miezi mitatu.